Safari ya Dar, kidonge cha mkojo na chupa ya maji isiyofunguliwa

Mpendwa mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 57, mkazi wa Mwanza. Nauza dagaa pale mwaloni Kirumba, na karibu kila mwezi napanda basi kwenda Dar es Salaam kufuatilia mzigo na kukusanya hela kwa wateja. Nina presha, huu ni mwaka wa sita. Asubuhi nameza losatani H, usiku amlodipini. Sina kisukari, na walipopima figo na moyo walisema viko sawa.

Kinachonishinda ni safari. Basi linatoka Nyegezi saa 11 alfajiri na Dar tunaingia usiku. Kile kidonge cha asubuhi kinanikojoza. Siku moja nilimwomba konda asimamishe gari kabla hatujafika Shinyanga, abiria wakaguna, vijana wa nyuma wakacheka. Tangu hapo siku ya safari sikimezi, na maji naacha kunywa tangu jioni ya jana yake. Nalowesha midomo tu mpaka tunapokula Singida. Kurudi ni hivyo hivyo.

Safari moja nilishuka Mbezi usiku kichwa chepesi, macho yanaingia giza. Nikajua presha imepanda kwa sababu sijameza dawa. Nikameza losatani H niliyoiacha asubuhi pamoja na amlodipini ya usiku, na saa 12 asubuhi nikameza losatani H nyingine. Nilipoinuka kwenda bafuni nikaanguka, binti yangu akanikuta sakafuni. Miguu ilikuwa imevimba na inauma. Duka la dawa la jirani wakatupa diklofenaki, na wakatuuzia lasiksi ya kutoa maji miguuni. Diklofenaki nilimeza siku tatu. Lasiksi ninayo bado kwenye pochi.

Kesho yake baada ya kurudi Mwanza ilikuwa siku ya kliniki. Presha ikasoma 168 kwa 98. Nesi akauliza kama nameza dawa vizuri, nikasema nameza. Wakapandisha amlodipini kutoka miligramu 5 kwenda 10. Sasa miguu inavimba hata nisiposafiri.

Binti yangu anategemea kujifungua mwezi wa 12 na nataka nikakae naye miezi miwili. Kliniki wananipa dawa za siku 30. Mwanangu wa kiume anasema niache safari kabisa, mimi ni mgonjwa. Dada yangu, naye ana presha, anasema kuruka kidonge siku ya safari hakuna neno, yeye anafanya hivyo miaka yote. Sitaki kufia njiani, na sitaki kukaa ndani kulishwa na wanangu wakati nguvu ninazo. Nifanyeje?

Mama wa Mwaloni, Mwanza

*

Shikamoo mama.

Asante kwa kuandika yote, hata yale uliyoyaficha kliniki. Ukiweza, chukua pakiti ya losatani H uisome mbele, kwenye maandishi madogo. Utaona namba mbili, mara nyingi 50 na 12.5. Hiyo 50 ni losatani, na 12.5 ni haidroklorothiazidi, ndiyo H yenyewe, dawa ya kupunguza maji na chumvi mwilini. Kwa hiyo unaporuka kidonge cha mkojo unaruka dawa mbili kwa pamoja, na kati ya dawa zako tatu inabaki amlodipini peke yake. Dada yako huenda anatumia kidonge cha maji kilicho peke yake, na akikiacha siku moja dawa zake nyingine zinaendelea na kazi. Mnaongea kuhusu jambo moja, lakini vidonge vyenu huenda havifanani.

Sasa hilo la kukojoza. Mtu anayeanza haidroklorothiazidi huona mkojo umeongezeka baada ya saa mbili hivi, unazidi kwenye saa ya nne, halafu unapungua taratibu. Lakini hiyo ni hali ya wiki za mwanzo. Baadaye mwili hujipanga upya, mkojo unarudi karibu na kiasi chake cha zamani, na dawa inaendelea kushusha presha kwa kulegeza mishipa ya damu. Wewe uko mwaka wa sita. Ndiyo maana nakuuliza kwa upole: una hakika aliyekusumbua kabla ya Shinyanga ni kidonge? Siku ya safari umeamka saa 9 usiku, umekunywa chai ili tumbo lisikae tupu, kuna baridi ya alfajiri, na una wasiwasi wa kuchelewa stendi. Vyote hivyo vinaleta mkojo.

Hili unaweza kulipima mwenyewe bila kupanda basi. Chagua siku ya kawaida ya kwenda mwaloni. Meza kidonge saa 10 alfajiri kwa maji, chai uiache mpaka saa 3 asubuhi, kisha andika kila unapokwenda kujisaidia hadi saa 6 mchana. Siku nyingine fanya vile vile, ila chai unywe mapema kama siku ya safari. Rudia mara mbili tatu, maana siku moja inaweza kudanganya. Ukiona chai ndiyo yenye neno, umepata ufumbuzi usiogusa dawa hata kidogo. Ukiona kidonge ndicho, basi tunajua tunapanga nini, na nitakuja huko.

Kwanza nikae kidogo kwenye maji, kwa sababu hapo ndipo ninapokuogopea kuliko pengine pote.

Kuacha kunywa tangu jana yake jioni mpaka Singida ni kukaa zaidi ya saa 18 mwili ukiwa unatoa maji bila kupokea. Unatoka jasho, unapumua hewa kavu ya dirishani, na figo haziachi kutengeneza mkojo hata kidogo. Tena mkojo ukiwa mchache na mzito unachoma kibofu, na unaweza kuhisi umebanwa kumbe ndani hamna kitu cha maana. Wanawake wengi wanaojinyima maji safarini huishia na UTI, halafu kubanwa kunazidi. Kinachojaza kibofu haraka ni kunywa chupa nzima kwa mkupuo. Mwili huona maji yamezidi ghafla na kuyatoa ndani ya saa moja au mbili. Ukinywa mafunda mawili matatu kila baada ya nusu saa, maji mengi yanabaki kazini.

Kwa mtu wa hali yako, ambaye moyo na figo viko sawa, chupa ya nusu lita iishe kila saa tatu hivi za safari. Jua likiwaka kuanzia Igunga hadi Dodoma, ongeza kidogo. Usivuke kwenda upande wa pili ukanywa lita na lita kwa hofu. Hiyo H hutoa chumvi pamoja na maji, na mtu mzima anayekunywa maji matupu kupita kiasi juu yake anaweza kupungukiwa chumvi kwenye damu mpaka akaumwa kichwa, akatapika, akaanza kuchanganyikiwa. Chakula cha kawaida cha Singida, wali na mboga na kipande cha nyama, kinarudisha chumvi ya kutosha. Huhitaji dagaa wa chumvi wala kachumbari iliyokolea chumvi kwa kisingizio cha jasho. Kipimo chako cha njiani ni rangi ya mkojo: ukiwa wa manjano hafifu uko salama, ukiwa kama chai ya rangi umechelewa kunywa. Anayetumia dawa za maji kwa ajili ya moyo kushindwa kazi, au mwenye figo mbovu, asiige kiasi hiki. Yeye ana kiwango chake alichopewa na daktari wake.

Turudi Mbezi usiku ule. Uliposikia kichwa chepesi na giza machoni ulijua presha imepanda. Hakuna aliyekupima, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini presha ya juu kwa kawaida haina dalili, na ndiyo maana watu huishi nayo miaka bila kujua. Giza linalokuja mtu anaposhuka kwenye basi au kuinuka kitandani mara nyingi ni la presha iliyoshuka. Fuata saa kwa saa. Ulifika ukiwa na takribani siku nzima ya kiu, kwenye joto lenye unyevu la Dar. Mwili uliopungukiwa maji hukaza mishipa ili presha isianguke, na losatani kazi yake ni kuzuia mkazo huo huo. Ukaimeza usiku, pamoja na H ya kutoa maji ambayo hukuwa nayo ya ziada, pamoja na amlodipini inayotanua mishipa. Saa chache baadaye, kabla ile ya usiku haijaisha nguvu, ukaongeza nyingine. Halafu ukasimama ghafla. Sishangai kwamba ulianguka, nashukuru tu kwamba hukuvunjika nyonga.

Ukiwa na mashine ya presha ya mkononi, ile inayofungwa juu ya kiwiko, usingehitaji kubahatisha. Kaa dakika tano, pima. Simama, pima baada ya dakika moja, kisha baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi uliposimama, au ya chini kwa 10, tatizo ni kushuka. Hapo unakaa au kulala miguu ikiwa juu, unakunywa maji taratibu, na huongezi kidonge chochote mpaka umepata ushauri. Ikisoma 180 kwa 120 au zaidi, tulia dakika tano na upime tena. Ikibaki hapo hapo na una maumivu ya kifua, pumzi inakata, upande mmoja umelegea, ulimi mzito au macho hayaoni, ni hospitali saa hiyo hiyo. Ikibaki hapo bila dalili hizo, wapigie kliniki siku hiyo hiyo, usijitibu kwa kumeza dozi mbili.

Mama, sasa naomba tutazame ile 168 kwa 98. Kliniki walipima mwili uliokosa losatani na H siku ya kurudi, uliokuwa haujalala vizuri, na uliomeza diklofenaki siku zilizotangulia. Diklofenaki hushikilia chumvi na kupandisha presha. Wao hawakuyajua hayo. Waliona namba, wakasikia unameza dawa vizuri, wakafanya kilicho sahihi kwa taarifa waliyokuwa nayo. Inawezekana miligramu 5 hazikuwa zinatosha. Inawezekana pia zilikuwa zinatosha kabisa siku unazomeza vyote. Huwezi kujua, wala mimi, wala wao, mpaka pawe na vipimo vya siku za kawaida. Pima nyumbani kwa wiki moja bila safari, asubuhi kabla ya dawa na jioni, na pembeni ya kila namba uandike umemeza nini na saa ngapi. Ukiwa na karatasi hiyo, kumwambia nesi ukweli hakutakuwa kigumu kama unavyodhani. Nimekaa kwenye chumba cha kliniki ya presha miaka mingi, na ninakuhakikishia anayesema "siku za basi huwa naruka" anatusaidia kuliko anayesema kila kitu ni sawa. Ila usijirudishie mwenyewe miligramu 5. Hilo liamuliwe na aliyeona karatasi yako.

Na miguu? Amlodipini ina tabia ya kuvimbisha vifundo vya miguu, hasa ikifika 10, hasa kwa wanawake, na joto huongeza. Maji hayo yamevuja kutoka kwenye vishipa vidogo kwenda kwenye nyama ya mguu. Hayako mengi kwenye damu, kwa hiyo lasiksi haiyafikii vizuri. Itakachofanya ni kukukamua kule ambako tayari ni kukavu, tena kwa nguvu na haraka kuliko H. Nakusihi uitoe kwenye pochi leo. Diklofenaki nayo, na dada yake ibuprofeni, hazikai vizuri na losatani na dawa ya maji kwa wakati mmoja. Kila moja inagusa njia ambayo figo hutumia kujilinda maji yanapopungua, na zikikutana zote tatu kwa mtu mwenye kiu, figo zinaweza kusimama. Ukiumwa miguu safarini, paracetamoli inakufaa zaidi. Kwa kuwa ulizimeza siku tatu ukiwa umekauka, waombe kliniki warudie kipimo cha figo, na madini ya sodiamu na potasiamu, kabla ya safari ya mwezi wa 12.

Kwenye kiti, inua visigino na vidole kwa kupokezana kila nusu saa, na kila basi linaposimama shuka utembee, hata kama huna haja ya kuchimba dawa. Miguu yote miwili ikivimba sawasawa na ikapungua ukilala, hiyo ni ya kukaa na ya amlodipini. Mguu mmoja ukivimba peke yake, ukawa wa moto na ukauma kwenye msuli wa nyuma, fikiria damu iliyoganda. Usiukande, nenda hospitali. Ukifuatiwa na pumzi kukata, usingoje kuche.

Tuje kwenye safari yenyewe. Nakuwekea njia ninazoziona, na mashaka ya kila moja.

Unaweza kumeza kidonge saa 9 usiku unapoamka, kwa maji kidogo, chai ukaiacha. Kama jaribio lako la nyumbani limeonyesha kidonge hakina neno, hii ndiyo njia isiyovuruga chochote. Kama kina neno, mkojo utakubana kwenye saa za mwanzo, mahali basi halina mpango wa kusimama.

Unaweza, kwa ruhusa ya kliniki, kukichelewesha mpaka unapofika, siku hiyo hiyo. Hapo shida ni mbili. Utakatishwa usingizi, na tena gizani kwenye nyumba usiyoizoea, ambako ndiko watu huanguka. Halafu kidonge cha kesho hakitakiwi kumezwa saa 12 asubuhi. Ungekisogeza hadi mchana, na keshokutwa ukarudi saa yako. Na kama umefika na kizunguzungu, unapima kwanza.

Njia ya tatu ni basi la mchana linalosafiri usiku. Tangu Serikali ilipoondoa zuio la mabasi ya usiku mwaka 2023, ratiba hizo zimekuwa nyingi. Unameza losatani H saa 1 asubuhi nyumbani, unajisaidia kwa raha zako, na unapopanda alasiri saa zake kali zimekwisha. Jua kali la njiani unalikwepa pia. Lakini barabara ya usiku ina hatari zake unazozijua kuliko mimi, ukilala kwenye kiti miguu haitikisiki, na usiku bila usingizi wenyewe hupandisha presha kesho yake. Amlodipini ya usiku utaimeza ndani ya basi, iweke mfukoni, isiwe kwenye begi lililo juu.

Ya nne ni kuikata safari. Ukilala Dodoma kwa ndugu au gesti, kesho yake unaweza kupanda treni ya SGR, ambayo imekuwa ikifika Dodoma tangu mwaka 2024. Ndani ina vyoo, unasimama na kutembea unapotaka, na unakunywa maji yako bila kumwogopa konda. Ni nauli zaidi na ni siku zaidi, na viroba vya dagaa vitabidi viende na lori. Kwa safari ya kila mwezi ya biashara labda haiingii kwenye hesabu. Kwa safari ya mjukuu, labda inaingia.

Kuhusu dawa za miezi miwili, nenda kliniki wiki mbili tatu kabla, usingoje siku ya mwisho. Siku 60 zinahitaji vidonge 60 vya kila aina, na uongeze vya siku 10, maana watoto hawazaliwi kwa kalenda. Kama hawawezi kukupa zote kwa mara moja, au bima inakataa zaidi ya mwezi, omba cheti cha dawa kilichoandikwa jina halisi na miligramu, pamoja na barua fupi ya matibabu yako, ili kituo cha karibu na kwa binti yako wakuendeleze. Piga picha pakiti zote kwa simu. Ukinunua Dar, pakiti itakuwa na jina la biashara tofauti na rangi tofauti, na wapo wanaomeza losatani H ya Mwanza na losatani ya Dar siku moja wakidhani ni dawa mbili. Linganisha jina dogo la chini kabla ya kulipa. Tena losatani tupu, isiyo na H, si mbadala wa hiyo yako.

Dawa zote zisafiri na wewe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake. Nyingi zinatakiwa kukaa chini ya nyuzi joto 30, na buti la basi lililosimama juani mchana linazidi hapo mbali. Begi la buti pia linaweza kushushwa Morogoro na mtu mwingine. Weka vya siku tatu nne kwenye pochi tofauti. Kule nyumbani kwa binti visikae jikoni wala dirishani.

Desemba Dar ni joto na jasho mfululizo, kwa hiyo kinachoweza kukusumbua zaidi ya safari ni wiki za kukaa kule. Pima mara mbili tatu kwa wiki. Namba za juu zikianza kushuka chini ya 110 na unaona giza ukiinuka, waone wahudumu, kwa maana dozi ya Mwanza inaweza kuwa kubwa kwa joto la Dar. Ukiharisha au kutapika siku nzima, hapo mambo yanageuka: losatani H kwa kawaida husimamishwa mpaka ule na kunywa vizuri tena, kwa siku moja au mbili, na ORS huingia, pakiti moja kwenye lita moja ya maji. Muulize daktari wako sasa, kabla hujaondoka, kwamba ikitokea hivyo nifanye nini, na akuandikie. Hiyo ndiyo siku ambayo kuruka kidonge kuna maana, na si siku ya basi.

Mwanao anakupenda, na alichokiona ni mama aliyeanguka. Anaamini umeanguka kwa sababu ya safari. Mwonyeshe mtiririko wa siku ile kama tulivyoufuata hapa, kiu, dozi mbili, kuinuka ghafla, kisha umuulize kama bado anaiogopa barabara au anaogopa kukuona tena sakafuni. Hayo ni maongezi mawili tofauti. Huenda akabaki na msimamo wake, na ana haki ya kuhofia. Huenda pia akanunua mashine ya presha. Biashara ni yako, na mwili ni wako, uamuzi wa kusafiri mara ngapi siwezi kukufanyia.

Ukienda kliniki, beba karatasi ya wiki moja, picha za pakiti, na hiyo lasiksi waione. Uwaambie: "Siku za safari huwa siimezi ya asubuhi wala sinywi maji, na siku mliyonipima nilikuwa nimetoka Dar jana yake." Halafu unyamaze uwasikilize. Wakikupa jibu usilolielewa, niandikie tena.